Diski inakufa? Usiiguse na chkdsk kwanza

Najua ushauri wa kwanza ambao kila mtu anaupewa diski ikianza kusumbua ni ule ule, fungua ile dirisha nyeusi andika `chkdsk E: /f /r`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, halafu kalale, asubuhi itakuwa imepona. Na ubaya ni kwamba mara nyingi kweli inapona, ndio maana ushauri haufi. Mimi naandika kwa ajili ya ile mara nyingine, pale ambapo diski yenyewe kama chuma ndio inakufa na sio mpangilio wa mafaili tu uliovurugika, kwa sababu nimeziona diski mbili za namna hiyo kwa karibu, moja imerekebishwa kabla ya kukopiwa na nyingine imekopiwa kabla ya chochote, na tofauti ya kilichobaki ilikuwa kubwa mno.

Ya kwanza ilikuwa ya dada yangu. Eksteno ya TB 1, yenye mpangilio wa mafaili wa Windows unaoitwa NTFS, ndani kuna picha za miaka yote, video, na kazi zake. Dalili zilianza taratibu, folda ya Picha ikifunguliwa ile mstari wa kijani juu unatambaa hadi unachoka, ukikopi kitu kinakwama asilimia fulani kisha kinakufa, halafu siku moja Windows ikatoa ule ujumbe wa kwamba kuna tatizo kwenye diski, i-skani na irekebishe. Shemeji yangu, ambaye kiukweli si mtu wa kubahatisha, akafuata maelekezo, akaandika amri ile na kuiacha usiku kucha. Asubuhi skrini inasema "Windows has made corrections to the file system. No further action is required." Akafurahi. Dada akafungua Picha, akakuta folda zipo kadhaa tu, nyingine hazipo kabisa, na kwenye diski kumetokea folda ngeni inaitwa `found.000`.

Akanipigia. "Mdogo wangu, shemeji yako ameitengeneza lakini vitu havipo."

Swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa nafasi iliyotumika ni kiasi gani sasa. Alikuwa anakumbuka kwamba diski ilikuwa na kama GB 610 zimejaa, sababu alikuwa anapanga kununua nyingine kubwa. Sasa inaonyesha 480. Hapo roho ikanidunda, kwa sababu hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote na watu wengi huwa hawaitazami. Faili likiwa limepotea njia tu, nafasi yake inabaki imehesabiwa. Nafasi tupu ikiongezeka baada ya ukarabati maana yake mfumo umeamua kwamba zile GB 130 hazina mwenyewe, na kuanzia dakika hiyo chochote kitakachoandikwa kwenye diski kinaweza kukaa juu yake. Nikamwambia chomoa, usifungue tena, usikopi hata hicho kilichobaki, niletee.

Sasa kwa nini chkdsk inafanya hivi, maana haina nia mbaya na wala haina hitilafu.

NTFS ina kitu kinaitwa MFT, chukulia ni daftari la stoo, kila faili na kila folda ina ukurasa wake humo. Kila rekodi kwa kawaida ni baiti 1024. Ndani ya rekodi kuna jina la faili, namba ya folda mama, na jambo la muhimu kuliko yote, orodha ya sehemu za diski ambako yaliyomo yamelala, maana faili kubwa mara nyingi limekatwa vipande na kutawanywa. Diski nyingi za siku hizi zinasoma kwa sekta za baiti 4096, kwa hiyo sekta moja tu ikigoma kusomeka kwenye eneo la MFT, rekodi nne zimeondoka kwa mpigo. Na kama moja kati ya hizo nne ni ya folda, basi folda yenye mafaili elfu mbili haina tena ukurasa wake ingawa mafaili yenyewe yapo mahali pengine salama kabisa.

Chkdsk inafanya kazi kwa hatua. Ya kwanza inapitia rekodi zote za MFT, ya pili inalinganisha majina yaliyomo kwenye folda na zile rekodi, ya tatu inaangalia mambo ya ruhusa, na ukiongeza `/r` zinakuja hatua mbili za kusoma diski nzima kutafuta sekta mbovu, kwanza ndani ya mafaili halafu kwenye nafasi tupu. Lengo lake lote ni mpangilio uwe safi, usijipinge wenyewe, ili Windows iweze kuendelea kuitumia diski. Hakuna mahali imeahidi kuokoa data yako. Ikikuta jina kwenye folda linaloelekeza kwenye rekodi isiyosomeka, haina sababu ya kuliacha, inalifuta. Kwa mtazamo wake imeondoa uongo. Kwa mtazamo wako imefuta ushahidi wa mwisho kwamba lile faili liliwahi kuwepo.

Shemeji alikuwa amepiga picha skrini kwa simu, mungu ambariki, na mistari ilikuwa ya aina hii:

```
File record segment 5120 is unreadable.
File record segment 5121 is unreadable.
File record segment 5122 is unreadable.
File record segment 5123 is unreadable.
...
Deleting index entry IMG_0412.JPG in index $I30 of file 5096.
```

Ona zile namba, nne zinazofuatana na ya kwanza inagawanyika kwa 4. Hiyo sio mafaili manne yaliyoharibika kila moja kwa bahati yake, ni kipande kimoja cha baiti 4096 kilichogoma kusomeka. Ukiona namba zinaenda kwa vikundi vya nne nne namna hiyo na neno unreadable, tatizo ni diski yenyewe, sio mpangilio, na hapo ndipo pa kusimamisha kila kitu.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Sekta isiyosomeka leo saa mbili haimaanishi haitasomeka saa nne. Kichwa cha kusomea kinapita juu ya sahani, mara tisa kinakosa, mara ya kumi kinapata. Diski yenyewe inalijua hilo, ndio maana ikishindwa kusoma sekta huwa haiitupi, inaiweka kwenye orodha ya kusubiri. Kwenye SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski inajitunzia yenyewe, hiyo ni namba 197, Current Pending Sector. Yaliyomo bado yapo pale, yanasubiri jaribio lenye bahati. Lakini mara tu kitu kipya kikiandikwa kwenye sekta hiyo, diski inaacha kusubiri. Ama inaandika palepale juu ya kile cha zamani, ama inaona pameoza na kuibadilisha kwa sekta ya akiba, na idadi ya namba 5, Reallocated Sectors Count, inapanda. Vyovyote vile kile cha zamani kimeondoka na hakuna programu ya kukirudisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuangalia SMART baada ya ukarabati akaona 197 imeshuka akadhani diski imepata nafuu, kumbe zile data zilizokuwa zinasubiri ndio zimezikwa.

Na chkdsk inaandika. Inaandika kwenye MFT, kwenye folda, kwenye ramani ya nafasi tupu, na hiyo `found.000` yenyewe inaiunda kwenye diski ile ile mgonjwa. Kwenye hatua ya `/r` ikikuta kipande kibovu ndani ya video yako, inakiondoa kwenye orodha ya vipande vya faili, inaweka kipande kipya kisicho na kitu mahali pake, na kile cha zamani inakiorodhesha kuwa kibovu kisitumike tena. Kwenye skrini inaandika "Windows replaced bad clusters in file" na namba na jina. Inasikika vizuri sana. Lakini baada ya hapo hata kama ungepata mtu wa kuisoma ile sekta ya zamani, video haijui tena kwamba kile kilikuwa kiungo chake.

Turudi kwa dada. Tuliikopi diski nzima kama ilivyokuwa, baadaye nitaeleza namna, halafu tukaanza kuchimba kwenye kopi. Ndani ya `found.000` kulikuwa na folda za `dir0000.chk`, `dir0001.chk` na kuendelea, na hizi kwa kweli hazikuwa mbaya, ni zile ambazo ukurasa wa folda mama ulipotea lakini rekodi za watoto zilikuwa nzima, kwa hiyo majina ya picha yalikuwemo, ni jina la folda tu limekufa. Tukazipanga upya kwa tarehe. Hilo chkdsk ilifanya kazi nzuri na nisiisingizie.

Shida ilikuwa zile GB 130. Kwa mafaili ambayo rekodi zake zimeondoka, kilichobaki ni kutafuta kwa alama, yaani programu kama PhotoRec inapita diski nzima ikitafuta mwanzo unaofanana na mwanzo wa JPG au wa PDF, halafu inakata kutoka pale. Picha ndogo zilirudi nyingi, lakini bila majina, `f1830912.jpg` na wenzake maelfu, hakuna folda, picha za harusi zimechanganyika na vijipicha vya tovuti. Video ndio zilituumiza. Video kubwa kwenye diski iliyojazwa na kufutwa kwa miaka inakuwa imekatwa vipande, na kitu pekee kilichokuwa kinajua vipande viko wapi na vinafuatana vipi ni ile rekodi. PhotoRec inapata kipande cha kwanza, cha pili inakuta kitu cha watu wengine. Zilicheza sekunde chache kisha rangi rangi kisha basi, na nyingi hazikufunguka kabisa. Dada alikuwa anasimama nyuma yangu anaangalia majina ya namba yakishuka, hasemi, na shemeji akawa anatoka nje kila baada ya muda kidogo. Nilimwambia ukweli wangu, kwamba hakufanya lolote ambalo Windows yenyewe haikumshauri kufanya.

Tukapeleka diski kwa watu wa maabara, wale wenye chumba kisicho na vumbi. Tulilipa pesa ya kuumiza kwa uchunguzi, na jibu lao lilikuwa kwamba kichwa kimechoka lakini kinasoma, wanaweza kupata sekta chache zaidi ya tulizopata sisi, ila kwa mafaili yaliyofutwa kwenye mpangilio hawana miujiza tofauti na yetu. Swali la kwanza la yule jamaa lilikuwa "mlirun chkdsk?", na hata hakusubiri jibu.

Diski ya pili ilikuja baadaye, ya mfanyakazi mwenzangu, GB 500, dalili zile zile kabisa, folda zinachelewa, kukopi kunakwama, na safari hii Windows ilikuwa imeshaanza kusema diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Yeye alikuwa amesikia habari ya dada kwa hiyo hakugusa kitu.

Kwanza tukabadilisha waya na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, maana waya mbovu au USB yenye umeme hafifu inaweza kuleta vituko vinavyofanana. Ukiona SMART namba 199 inapanda huku 5 na 197 ziko sifuri, mshuku waya kwanza. Yetu ilikuwa kinyume. Kwenye CrystalDiskInfo namba 197 ilionyesha 1A8, na hapa watu wanadanganyika, ile programu kwa kawaida inaonyesha namba ghafi kwa heksadesimali, kwa hiyo 1A8 ni 424. Sekta 424 zinasubiri. Hiyo peke yake ilitosha, hatukuhitaji kipimo kingine. Ukiwa kwenye Linux unapata habari hiyo hiyo kwa `smartctl -a`, na kama ni eksteno isiyojibu jaribu kuongeza `-d sat`.

Tukawasha kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi. Sababu sio kwamba Linux ina dawa, sababu ni kwamba Windows ikiona diski inajaribu kuifungua, kuisoma, kuiorodhesha, kuirekebisha, yote hayo kwenye diski ambayo kila sekunde ya kuzunguka inaweza kuwa ya mwisho. Hata Linux zenye dirisha zuri zinaweza kufungua diski zenyewe ikichomekwa, kwa hiyo hakikisha haijafunguliwa, kama imefunguliwa itoe kwa `umount`. Halafu tukatazama ipi ni ipi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
```

Hapa usione uvivu, soma hadi namba ya serial iliyochapwa kwenye lebo. Ukikosea chanzo na kituo unaweza kujifutia mwenyewe. Sisi tulikopi kwenda kwenye faili moja kubwa ndani ya diski nyingine isiyo mbovu yenye TB 2, kwa sababu faili huwezi kulichanganya na diski. Hiyo diski ya kupokea isiwe FAT32, inakomea GB 4 kwa faili utakwama njiani.

Programu inaitwa GNU ddrescue, kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa `gddrescue`. Amri mbili tu, uziandike ukiwa ndani ya folda ya hiyo diski ya kupokea:

```
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map
```

Ya kwanza inabeba vyote vinavyosomeka kirahisi, ikifika pabaya inaruka mbele, haing'ang'anii. Hapo ndipo utofauti wake na kukopi kwa kawaida ulipo. Windows ikikuta sekta mbovu inasimama palepale inasukuma diski ijaribu tena na tena, na diski za kawaida zinaweza kuhangaika na sekta moja kwa sekunde nyingi, wakati ule ule kichwa kinazidi kuchoka na GB 400 nzima nzima zinasubiri nyuma. Kwa nini ufe ukigombania sekta moja hujachukua hata robo ya zilizo salama? Ya pili inarudi kwenye mashimo peke yake, inayanyofoa kidogo kidogo, na `-r3` inairuhusu kurudia mara tatu. Lile faili la `.map` ndio kumbukumbu ya wapi imefika na wapi imeshindwa, bila hilo ukikatikiwa umeme unaanza upya kwenye diski inayokufa. Usilifute na usilibadilishe jina katikati.

Kitu kilichotutesa ni kwamba diski ilikuwa inajikata. Inapotea, inarudi, na ikirudi sio `sdb` tena imekuwa `sdd`. Tukaacha kutumia majina hayo tukatumia njia ndefu ya `/dev/disk/by-id/` ambayo ina modeli na namba ya serial, haibadiliki. Na diski ilikuwa inapata joto, tukawa tunaizima inapumzika. Wale wa kuweka diski kwenye friza, jamani, unyevu unaoganda kwenye sahani unamaliza kazi, achaneni na hiyo.

Raundi ya kwanza ilibeba karibu yote, ikabaki kama MB 40. Raundi ya kurudia ikashusha hadi MB 3 na kidogo. Katika hizo MB 37 zilizorudi kwa kubembeleza kulikuwa na vipande vya MFT, tuliviona kwa sababu folda mbili ambazo zilikuwa hazionekani kwenye raundi ya kwanza zilitokea baada ya ya pili. Zile ndizo chkdsk ingezikuta hazisomeki na kuzifutia majina.

Nikataka kuwa na uhakika, sio kusimulia tu. Nikachukua ile imeji, yaani lile faili la kopi, ya raundi ya kwanza ambayo tulikuwa tumeiwekea kopi pembeni, nikaimwaga kwenye diski ya zamani ambayo ni nzima, nikairudisha Windows na kuirun `chkdsk /f` kama shemeji. Humo sehemu zisizosomeka ni sifuri tupu, kwa hiyo haikusema unreadable, ilifuta majina moja kwa moja, Deleting index entry, Deleting index entry, ukurasa baada ya ukurasa, na zile folda mbili hazikuwepo tena. Kwenye imeji ya raundi ya pili, ambayo haikuguswa, programu ya kuokoa data iliyosoma MFT moja kwa moja ilitoa folda na majina yake karibu yote. Na hata pale rekodi ya folda ilipokosekana kabisa, kila faili bado lilikuwa limebeba namba ya mama yake, kwa hiyo programu iliweza kuyakusanya pamoja. Diski moja, siku moja, imetofautiana mpangilio wa kazi tu.

Kwa zile MB 3 zilizobaki tulitaka kujua zimeangukia wapi, maana picha yenye shimo inaonekana nzima kwenye orodha hadi uifungue ukute nusu ni kijivu. ddrescue ina njia ya kujaza mashimo kwa maneno unayochagua, fanya kwenye kopi ya imeji:

```
printf "HAIKUSOMEKA " > alama
ddrescue --fill-mode=- alama kopi.img diski.map
```

Ukishatoa mafaili, unatafuta neno hilo ndani yake kwa `grep -rl`, na orodha inayotoka ndio ya mafaili yenye majeraha. Kwetu ilikuwa video tano na rundo la picha. Mwenzangu alizifungua zote akaamua zipi anaweza kuziomba tena kwa watu waliotumiwa.

Sio kila diski ni ya kufanyia nyumbani. Ikigonga tik tik, ikionyesha ukubwa wa sifuri, au ddrescue ikienda kwa KB chache kwa sekunde tangu mwanzo na sio sehemu moja moja, izime. Hapo huenda kichwa kimegusa au kiko karibu kugusa sahani na kila mzunguko unaweza kukwaruza. Na ukimpelekea fundi yeyote, muulize kabla hujamwachia, "utaikopi diski nzima kwanza au utaanza kurekebisha?" Akisema ataanza na chkdsk aone, ichukue uondoke nayo.

Windows nayo inaweza kuamua yenyewe kurekebisha wakati wa kuwaka, ile skrini ya kusema bonyeza kitufe kuruka ukaguzi. Bonyeza. Kama diski ya mashaka lazima ibaki imechomekwa, `chkntfs /x E:` inaizuia isikaguliwe wakati wa kuwaka, ila kumbuka haijumlishi, ukiiandika tena kwa herufi nyingine ile ya kwanza inasahaulika, kwa hiyo weka zote kwenye mstari mmoja.

Chkdsk bado naitumia. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, au mtu akichomoa eksteno bila kuiaga, na SMART inaonyesha 5, 197 na 198 ziko sifuri na hakuna kuchelewa, naanza na `chkdsk E:` tupu bila herufi yoyote nyuma, hiyo inasoma tu haiandiki, naangalia inalalamikia nini. Kama ni majina machache na ramani ya nafasi, na vitu vya muhimu vina bakapu, naweka `/f`. Kama nimeona hata mstari mmoja wa unreadable, naikata na kwenda kutafuta diski tupu ya kupokea kopi.